Duka la Saruji Huchelewa, Hisa Hutangulia

Mwezi wa Desemba ndio mwezi ambao maduka ya vifaa vya ujenzi ya Malindi huomba Mungu mambo yawe mazuri. Walio kazini Mombasa na Nairobi wanarudi nyumbani na vijisenti vyao, nyumba iliyokwama kwenye lenta inaongezewa kozi mbili tatu, wenye hoteli ndogo wanapiga rangi kabla wageni hawajamiminika. Sasa rudi kwenye Desemba ya 2024. Mwenye duka anayeagiza saruji kwa mkopo wa benki alikuwa anatozwa riba ya wastani wa takriban asilimia 17. Takwimu za Benki Kuu zilionyesha kwamba mikopo kwa watu binafsi na kampuni ilikuwa imepungua kwa asilimia 1.4 ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Mabati ya geji 30 yamesimamishwa ukutani, kitabu cha madeni kimevimba, na anayeingia dukani anauliza bei tu na kuondoka. Ukimuuliza mwenye duka hali ya uchumi, angekujibu kwa neno moja: mbovu.

Na alikuwa anasema kweli. Lakini mwezi huohuo, pale Soko la Hisa la Nairobi, hisa ya benki ya KCB ilikuwa inafunga mwaka karibu na shilingi 42. Mwaka mmoja nyuma ilikuwa karibu 22. Kielelezo cha hisa zote, NASI, kilikuwa kimepanda kutoka 92 hadi 123, yaani karibu theluthi nzima, ndani ya mwaka ambao uchumi wa nchi ulikua kwa asilimia 4.7 tu baada ya kukua kwa asilimia 5.7 mwaka 2023. Uchumi ulipunguza mwendo, hisa zikapaa.

Hapo ndipo wengi wa Pwani wanaponunua hisa hupotea njia. Wanasubiri waone dukani, gatini na hotelini kwamba mambo yametengemaa, ndipo wampigie dalali simu. Maji yanapojaa katika mkono wa bahari wa Lamu, huanzia mlangoni mwa bahari. Mikoko ya ndani kabisa hulowa mwisho. Hisa ziko mlangoni. Duka la saruji liko mikokoni.

Kwa nini hisa hazisubiri

Bei ya hisa si malipo ya faida ya mwaka huu. Ni bei ambayo watu wako tayari kulipa leo kwa faida ya miaka ijayo, na bei hiyo hupimwa kila siku dhidi ya kile ambacho fedha hiyohiyo ingeleta ikiwekwa mahali salama. Kwetu Kenya mahali salama ni kuikopesha serikali: kwa muda mfupi kupitia bili za hazina, kwa miaka mingi kupitia hatifungani. Serikali inapolipa asilimia 16 kwa siku 91, hakuna haja ya kuhangaika na hisa. Malipo hayo yakianza kushuka, hesabu inageuka hata kabla kampuni moja haijauza mfuko mmoja zaidi wa saruji.

Ndiyo maana mtu anayefuata mzunguko wa uchumi Nairobi akikazia macho takwimu za ukuaji wa pato la taifa atakuwa nyuma daima. Takwimu hizo hutolewa na KNBS, shirika la takwimu la taifa, kila robo mwaka, tena takriban miezi mitatu baada ya robo yenyewe kwisha. Unachosoma mwezi wa Oktoba ni habari ya Aprili hadi Juni. Hisa zilishayala hayo zikamaliza.

Tazama namna mzunguko wa mwisho ulivyogeuka, hatua kwa hatua, kwa sababu mpangilio wake una mafunzo kuliko mchoro wowote wa darasani.

Mwisho wa Januari 2024 dola moja ilikuwa zaidi ya shilingi 160. Hofu ilikuwa moja: mkopo wa Eurobondi, yaani hatifungani iliyouzwa kwa wawekezaji wa nje, wa dola bilioni 2 ulikuwa unaiva mwezi wa Juni, na watu hawakujua serikali ingeulipa kwa nini. Mwezi wa Februari serikali ilipata Eurobondi mpya ya dola bilioni 1.5 na kuanza kuununua ule wa zamani. Mwezi huohuo iliuza hatifungani ya miundombinu iliyolipa asilimia 18.46 bila kodi, na fedha za kigeni zikaingia kuifuata. Katika wiki chache dola ikashuka hadi karibu 130. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara ya kwanza.

Sasa angalia jambo la ajabu. Katika mwezi huohuo wa Februari, Benki Kuu ilikuwa bado inapandisha riba yake, kutoka asilimia 12.5 hadi 13. Aliyesoma vitabuni kwamba anunue hisa Benki Kuu inapoanza kushusha riba alilazimika kusubiri hadi Agosti, riba ilipopunguzwa hadi 12.75. Kufikia wakati huo sehemu nzuri ya safari ilikuwa imekwisha. Bili za siku 91, zilizokuwa zaidi ya asilimia 16, zilifuata baada ya shilingi, na mwanzoni mwa 2025 zikawa chini ya asilimia 10. Mikopo ya benki ilianza kukua tena ndani ya mwaka 2025, kwanza kwa kutambaa. Riba ya Benki Kuu ilifika asilimia 9 Desemba 2025. Na duka la saruji? Lilianza kupumua baada ya hayo yote.

Kwa hiyo mfuatano ulikuwa huu: shilingi, kisha hisa za benki na za kampuni zenye madeni ya dola, kisha bili za hazina, kisha Benki Kuu, kisha mikopo, kisha mauzo mitaani. Mzunguko ujao hautafuata mstari huu nukta kwa nukta, lakini nafasi ya hisa mbele ya mikopo na mikopo mbele ya mauzo haibadiliki kirahisi.

Laki moja katika mikono miwili

Nadharia ya kuhama sekta inasema hivi: uchumi unapoinuka, hisa za kampuni zinazotegemea mikopo na hamu ya kutumia fedha huongoza, hasa benki, magari, nyumba na viwanda. Unapolegea, hisa za kampuni zinazouza vitu ambavyo watu hawaachi kununua hushika vizuri zaidi. Maneno haya ni mepesi mpaka uyawekee hesabu. Tuchukue hisa mbili za Nairobi zilizo pande mbili za mzani: KCB, benki kubwa inayokopesha kila mtu kuanzia serikali hadi mwenye bodaboda, na BAT Kenya, mtengenezaji wa sigara. Mwenye kuona haramu au karaha kumiliki hisa ya sigara ana haki yake, na Pwani ni wengi. Na benki ya riba nayo ina swali lilelile. Hapa zinatumika kama vipimo.

Chukua mwisho wa 2021. KCB ilikuwa karibu shilingi 45, BAT karibu 440. Weka shilingi 100,000 katika kila moja, toa gharama za dalali na tozo za soko, tuseme asilimia 1.8, zibaki 98,200. Utapata hisa karibu 2,180 za KCB na 223 za BAT.

Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya kukaza. Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kuanzia Machi 2022 hadi ikafika kati ya 5.25 na 5.50 mwezi wa Julai 2023, wageni wakauza hisa zao za Nairobi wakarudi na dola kwao, na Benki Kuu yetu, CBK, ikatoka asilimia 7 hadi 12.5. NASI ilianguka kutoka 166 hadi 92. Mwisho wa 2023 hisa zako 2,180 za KCB kwa shilingi 22 zilikuwa na thamani ya takriban 48,000. Hata ukijumlisha mgao wa faida uliolipwa katikati, hufiki 60,000.

Upande wa BAT bei iliteleza hadi kama 407. Hisa 223 zilikuwa na thamani ya karibu 90,800. Lakini katika miaka hiyo miwili kampuni ililipa mgao wa takriban shilingi 112 kwa kila hisa. Toa kodi ya asilimia 5 inayokatwa mkaazi wa Kenya, unabaki na kama shilingi 23,700. Jumla ni 114,500. Mfumuko wa bei ulikula sehemu yake, kwa hiyo hukutajirika, lakini ulilala usingizi. Mwenye KCB hakulala.

Sasa geuza. Mwisho wa 2023 weka 100,000 nyingine katika kila moja. Za KCB kwa shilingi 22 ni hisa 4,460. Mwisho wa 2024, kwa shilingi 42, ni 187,000 na ushei, na juu yake mgao wa muda wa shilingi 1.50. Za BAT kwa 407 ni hisa 241. Bei ilishuka hadi kama 376, thamani ikawa 90,600. Mgao wa shilingi 50 baada ya kodi ukaongeza kama 11,400. Umerudi pale ulipoanza, huku jirani yako amekaribia kuongeza fedha zake maradufu.

Hisa ileile iliyokuokoa wakati wa kukaza ndiyo iliyokuacha gatini jahazi lilipong'oa nanga.

Ukiangalia kwa karibu utaona BAT haikuanguka 2024 kwa sababu watu waliacha kuvuta sigara kwa ghafla. Sababu kubwa iko kwenye hesabu ya riba. Mwanzoni mwa 2024, mgao wa 50 juu ya bei ya 407 ni asilimia 12.3, na baada ya kodi 11.7. Bili ya hazina ya asilimia 16, ikitolewa kodi yake ya asilimia 15, ilikuwa inakupa 13.6 bila hatari ya kampuni. Kwa nini mtu ang'ang'anie? Mwaka mmoja baadaye hesabu ilipinduka: bili ya asilimia 9.5 inabaki 8.1 baada ya kodi, na mgao uleule wa 50 juu ya bei ya 376 ni 12.6 baada ya kodi. Kwa hiyo hisa za mgao mkubwa nazo hupata zamu yao katika kuinuka kwa uchumi, ila ni zamu ya pili, baada ya riba kushuka kwa dhati. Kosa la kawaida ni kuziita hisa za usalama na kuziacha humo daima. Usalama wake ni dhidi ya kuanguka kwa mauzo. Dhidi ya riba kubwa ya serikali hazina kinga yoyote.

Na kwa nini KCB ilipanda vile? Mwisho wa 2023 benki hiyo ilikuwa imepata faida ya shilingi bilioni 37.5, karibu shilingi 11 kwa kila hisa. Bei ya 22 maana yake ni kwamba soko lilikuwa linaiuza benki nzima kwa faida ya miaka miwili. Bei ya namna hiyo haitokei bila sababu. Benki haikulipa mgao wowote kwa mwaka 2023, mikopo mibovu ilikuwa inapanda, na hatifungani zilizokuwa mikononi mwake zilikuwa zimeporomoka thamani kwa sababu riba mpya zilikuwa juu zaidi. Kisha mambo matatu yakageuka pamoja. Riba ilipoanza kushuka, hatifungani za zamani zikapanda thamani. Wakopaji wa dola wakapumua shilingi ilipoimarika. Faida ya 2024 ikawa bilioni 61.8 na mgao ukarudi, shilingi 3 kwa mwaka. Zingatia kwamba mikopo mibovu katika benki zote za nchi ilikuwa bado juu ya asilimia 16 mwaka huo. Hisa hazikusubiri ugonjwa upone. Zilipanda pale homa ilipoacha kuongezeka.

Umeme wa Nairobi si umeme wa vitabuni

Mtu akichukua orodha ya Marekani na kuileta Nairobi ataumia, na mahali pa kuumia kwanza ni umeme. Vitabuni kampuni za umeme ni kimbilio la wakati mbaya: watu hawazimi taa kwa sababu uchumi umelegea. Kwetu, Kenya Power ilipata hasara ya bilioni 3.2 katika mwaka ulioishia Juni 2023, kisha faida ya bilioni 30 katika mwaka ulioishia Juni 2024. Watu hawakuanza kuwasha taa mara kumi zaidi. Kampuni hiyo ina madeni makubwa ya fedha za kigeni. Shilingi ikidhoofika deni linavimba vitabuni, ikiimarika linanywea. Hisa yake ilitoka chini ya shilingi 1.50 mwisho wa 2023 hadi karibu 4.80 mwisho wa 2024. Hakuna benki iliyofikia mwendo huo.

Kwa hiyo Nairobi swali la kwanza kuhusu kampuni yoyote halipaswi kuwa iko sekta gani. Uliza: inadaiwa kwa fedha gani, na inauza kwa fedha gani? Kampuni za majani chai kama Kapchorua na Williamson huuza kwa dola na kulipa vibarua kwa shilingi. Shilingi inapodhoofika, mapato yao yakigeuzwa kuwa shilingi yanaongezeka hata bei ya chai ikibaki palepale mnadani. Ndizo zinazofaa kutazamwa wakati ambapo Kenya Power haifai, na kinyume chake. Jibu liko kwenye ripoti ya mwaka, katika maelezo ya mwishoni kuhusu hatari ya fedha za kigeni. Huwa ni kurasa kavu zisizo na picha. Soma hizo, ruka barua ya mwenyekiti.

Hisa za hospitali na dawa, ambazo Wamarekani hukimbilia, hatuna za maana. Saruji nayo, ambayo ingekuwa kielelezo kizuri cha katikati ya mzunguko, imebaki nyembamba: ARM iliingia mikononi mwa wasimamizi mwaka 2018 na biashara ya hisa zake ikasimamishwa, na Bamburi ilinunuliwa na Amsons wa Tanzania kwa shilingi 65 kwa hisa. Anayetaka kunufaika na kurudi kwa ujenzi kupitia soko la hisa hana milango mingi.

Safaricom inahitaji aya yake. Mwaka 2021 ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya soko lote, na bei yake ilivuka shilingi 40. Mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Watu wa Lamu hawakuacha M-Pesa katika miaka hiyo miwili. Waliouza ni wageni, na waliuza kwa sababu ya riba ya dola kwao na ugumu wa kupata dola kwetu. Hisa hii ni kipimo cha hamu ya wageni kuliko kipimo cha mfuko wa Mkenya. Na kwa kuwa ni nzito kiasi hicho, NASI inaweza kuanguka huku nusu ya hisa ndogo zimesimama. Ukitaka kujua kama sekta zimeanza kuhama, usitazame NASI peke yake. Hesabu ni hisa ngapi za benki ziko juu ya bei yake ya miezi sita iliyopita.

Msimu si mzunguko

Neno fupi kwa wa Malindi na Lamu hasa. Hoteli hufungwa Aprili hadi Juni, mvua za masika zikinyesha na kusi ikichafua bahari. Shela inakuwa kimya, na wenye mashua huvuta vyombo pwani kuvikarabati. Huo si mdororo. Hutokea kila mwaka, katika miaka mizuri na mibaya. Ukitaka kutumia utalii wa kwetu kama kipimo, linganisha Agosti na Agosti, Desemba na Desemba, kamwe usilinganishe Mei na Desemba. Hesabu hiyohiyo inahusu TPS, kampuni ya hoteli za Serena iliyoko sokoni: nusu ya kwanza ya mwaka wake ni dhaifu kwa kawaida, na anayeshtuka Agosti ripoti ikitoka anashtukia kalenda. Siku ya uchaguzi mkuu ni jambo jingine la kalenda ambalo watu hulichanganya na mzunguko.

Kutazama, kisha kuhama

Kinachohitajika kutazamwa ni kidogo. Kila Alhamisi CBK hufanya mnada wa bili za hazina za siku 91, 182 na 364, na matokeo huwekwa kwenye tovuti yake. Andika riba ya siku 91 kwenye daftari, safu moja kwa wiki. Pembeni andika bei ya dola. Mwanzo wa kila mwezi ongeza namba moja zaidi, kipimo cha PMI cha Stanbic, ambacho huuliza kampuni kama oda zao zimeongezeka au zimepungua. Juu ya 50 ni kukua, chini ni kupungua. Kila baada ya miezi miwili andika uamuzi wa Benki Kuu. Basi.

PMI ina mtego mmoja. Julai 2024 ilianguka hadi 43.1, kiwango kibaya sana, kwa sababu ya maandamano ya vijana. Aliyeuza benki zake kwa namba hiyo aliuza katikati ya njia ya kupanda. Namna ya kugundua kwamba anguko ni la tukio na si la mzunguko ni kutazama safu ya shilingi na safu ya bili. Shilingi ilibaki karibu 130, bili hazikuruka. Namba moja inapopiga kelele na nyingine zimetulia, subiri mwezi mmoja. Oktoba PMI ilikuwa tayari imerudi juu ya 50.

Kuhama kwenyewe kunafaa kufanywa kwa vipande. Kwa maoni yetu theluthi tatu zinatosha. Theluthi ya kwanza ya fedha zilizoko kwenye hisa za mgao au bili ihamie hisa za benki shilingi inapoacha kudhoofika kwa mwezi mzima. Ya pili, bili za siku 91 zikishuka katika minada mingi mfululizo, tuseme sita kati ya minane. Ya tatu Benki Kuu inaposhusha riba mara ya kwanza. Utanunua theluthi ya mwisho kwa bei kubwa kuliko ya kwanza, na utanung'unika, lakini ikitokea ishara ya kwanza ilikuwa ya uongo utakuwa umeumia kwa theluthi tu.

Gharama ndizo zinazoua mpango huu kimyakimya. Ukitozwa asilimia 1.8 kununua na 1.8 kuuza, kuhama mara moja kutoka hisa moja hadi nyingine kunakula 3.6. Ukihama mara nne kwa mwaka, asilimia 14 imekwisha kabla hujakosea chochote. Kuna utafiti uliopima hisa za Marekani kuanzia 1948 hadi 2007, ukimpa mwekezaji wa kufikirika uwezo wa kujua kila geuko la uchumi bila kukosea. Hata yeye hakulishinda soko kwa zaidi ya asilimia 2.3 kwa mwaka, kabla ya gharama. Binadamu wa kawaida hupata pungufu. Faida ya Nairobi ya 2024 ilikuwa kubwa kwa sababu bei zilikuwa zimeshushwa kupita kiasi, si kwa sababu mbinu yenyewe ina muujiza. Kuhama mara moja katika miaka miwili au mitatu kunatosha kabisa.

Kisha kuna ukwasi, yaani wepesi wa kuuza hisa na kupata fedha. KCB, Equity na Safaricom utaziuza siku yoyote. Hisa za majani chai zinaweza kukaa siku nzima na mikono michache tu ikibadilishana, na pengo kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji likawa asilimia 5 au zaidi. Bei haiwezi kusogea zaidi ya asilimia 10 kwa siku, kwa hiyo habari mbaya ikitoka unaweza kubaki umepanga foleni ya kuuza siku tatu mfululizo bila mnunuzi. Kabla ya kununua hisa nyembamba, tazama wastani wa hisa zinazouzwa kwa siku, na usinunue zaidi ya kiasi ambacho soko linaweza kumeza kwa siku tano. Weka bei yako mwenyewe kwenye oda. Usimwachie dalali achukue bei yoyote atakayoikuta. Tangu Agosti 2025 mtu anaweza kununua hata hisa moja, hivyo hakuna tena sababu ya kukusanya mia nzima kwa haraka.

Mtego mkubwa wakati wa kuinuka ni kampuni iliyoanguka kwa sababu zake yenyewe, inayovaa nguo za mzunguko. Bei ya chini ya KCB ya 2023 na bei ya chini ya ARM kabla ya 2018 zilifanana kwenye karatasi. Tofauti ilionekana katika mstari mmoja wa hesabu: gawanya faida ya uendeshaji kwa riba ambayo kampuni inalipa wakopeshaji. Ikiwa jibu liko chini ya moja na nusu miaka miwili mfululizo, kampuni inafanya kazi ya kumlipa mkopeshaji, na kushuka kwa riba kunaweza kumkuta mgonjwa ameshazikwa. Kwa benki kipimo hicho hakifanyi kazi. Tazama mtaji wake dhidi ya kiwango cha chini cha Benki Kuu, na kama mikopo mibovu inaongezeka kwa kasi kuliko robo iliyopita.

Kurudi upande wa pili hufuata daftari lilelile kinyumenyume. Benki hufaidi sana mwanzoni mwa kushuka kwa riba. Riba ikikaa chini muda mrefu, wanachowatoza wakopaji hupungua na hatifungani za asilimia 18 huiva na kurudishwa zikiwa fedha taslimu, zinazolazimika kuwekwa tena kwa riba ndogo. Ukiona faida ya benki bado inapanda lakini mapato halisi ya riba yamesimama robo mbili mfululizo, theluthi ya kwanza ianze kurudi kwenye kampuni zisizo na madeni zinazolipa mgao kila mwaka. Bili za siku 91 zikianza kupanda na dola ikaanza kusogea wiki hadi wiki, peleka ya pili. Ya tatu usiipeleke kwenye hisa yoyote; ipeleke kwenye bili zenyewe, za siku 91 na si za mwaka mzima, ili kila mnada mpya ukupe riba ya juu zaidi kadiri kukaza kunavyoendelea. Wakati huo, kuna uwezekano mkubwa, duka la saruji la Malindi litakuwa na foleni hadi nje, punda wa Lamu watakuwa wanabeba mifuko tangu alfajiri, na kila mtu atakushangaa unauza nini.